Safu ya Nne

Mafuriko yalipoondoka, zahanati ya kijiji chetu ilikuwa imebaki sakafu iliyopasuka na kipande cha ukuta wa upande wa mtoni. Mimi nilizaliwa katika kijiji hicho, mwendo wa mguu kutoka Idsowe, lakini wakati huo nilikuwa nikiishi Garsen. Nilikuwa nimeajiriwa na shirika dogo la misaada, kazi yangu kuandika ripoti. Kwa hiyo suala la mahali pa kuijenga upya zahanati lilipofika ofisini kwetu, lilinikuta mezani kama karatasi nyingine yoyote.

Mratibu wetu alikuwa mama wa makamo kutoka bara, msema kweli, asiyependa maneno mengi. Aliniita asubuhi akanieleza kwamba kamati ya tarafa ingekaa wiki iliyofuata, chini ya Bwana DO, ofisa wa serikali wa tarafa. Zahanati ilikuwa ajenda ya mwisho.

"Watatupa nusu saa," alisema. "Wasipoamua siku hiyo, wafadhili watapeleka fedha mahali pengine. Tengeneza slaidi. Watu waone njia zote kwa pamoja, waamue."

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kujenga palepale pa zamani, safari hii juu ya nguzo ndefu za saruji. Ya pili, kujenga kwenye mwinuko, mbali na mto, karibu na njia wanayopitishia ng'ombe wafugaji wa Kiorma. Ya tatu, kutojenga kabisa, ila muuguzi azunguke na gari siku maalumu kwa kila kijiji.

Slaidi za siku hizo zilikuwa karatasi laini za plastiki. Uliandika juu yake kwa kalamu ya wino maalumu, ukaziweka kwenye projekta, na taa ikatupa maandishi ukutani. Nilichukua plastiki tatu, nikaandika njia moja kwenye kila moja, maelezo kamili, kwa mwandiko wangu bora. Nilijivunia. Mratibu alikaa kwenye kiti cha wageni, nikamwonyesha moja baada ya nyingine.

"Sawa," alisema nilipomaliza. "Ile ya kwanza ilisema nini juu ya gharama ya kila mwaka?"

Nilianza kuirudisha.

"Usiirudishe. Mimi nimeiona sasa hivi na nimeshaisahau. Bwana DO ataisahau vilevile. Unawalazimisha watu wabebe slaidi mbili kichwani ili wasome ya tatu."

Nilirudi mezani kwangu nikachora jedwali moja. Njia tatu zilikaa juu, kila moja na safu yake. Kando, kwenda chini, niliandika mambo ya kulinganisha, jambo moja kwa kila mstari. Hapo ndipo nilipogundua kwamba habari zangu hazilinganishiki. Mwendo wa kufika pa zamani nilikuwa nimeupima kutoka nyumba za mtoni, na mwendo wa kufika mwinukoni nilikuwa nimeupima kutoka kwenye makazi ya wafugaji. Kila mahali palionekana karibu, kwa sababu kila mahali palikuwa karibu na mtu fulani. Niligawa mstari huo mara mbili: mwendo kwa watu wa mtoni, mwendo kwa wafugaji, na nikajaza safu zote kwa kipimo kilekile. Gharama nayo niliigawa, ya kujenga na ya kuendesha kwa mwaka, maana gari lilionekana rahisi mpaka ulipohesabu mafuta na vipuri.

Jedwali likawa refu mno. Mratibu alilitandaza sakafuni, akasimama juu yake.

"Ukiwa umesimama huwezi kulisoma, basi aliyekaa nyuma ya ukumbi hatalisoma ukutani," alisema. Kisha akaniuliza, "Dawa zinatoka wapi?"

"Hola."

"Kwa njia zote tatu?"

"Zote."

"Basi mstari huo haumsaidii mtu kuchagua. Uondoe."

Niliondoa dawa, nikaondoa mshahara wa muuguzi, nikaondoa kibali cha wizara, na kila kitu kilichokuwa sawa kwa zote. Iliyobaki ilikuwa mistari michache iliyotofautiana, na maandishi yakapata nafasi ya kuwa makubwa. Mafuriko niliyaweka juu, kwa sababu ndiyo yaliyotuleta hapo. Niliandika "maji yatafika kwenye ngazi," sikuandika "mbaya." Nilikuwa na kalamu nyekundu na ya kijani, nikazirudisha sandukuni. Rangi ingekuwa imeshaamua kabla ya kamati.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mratibu alilitazama kwa muda mrefu.

"Kwa nini ya kwenu iko kwanza?"

Sikuona haya, kwa kuwa nilikuwa nimelifikiria. "Ndiyo iliyokuwepo. Watu wataanza na wanachokijua."

"Haya. Iite hivyo basi. Usiandike jina la kijiji."

Nikaandika: Palepale pa zamani.

Siku ya mkutano ukumbi ulikuwa wa joto na jenereta ilinguruma nje ya dirisha. Tulifunika madirisha kwa magunia ili ukuta uonekane. Bwana DO alikaa katikati. Upande mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa kijiji chetu, aliyewawakilisha wakulima wa mtoni. Alikuwa amenifundisha kusoma. Upande wa pili alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, Mworma, aliyewawakilisha wafugaji. Muuguzi wa zahanati alikaa karibu na mlango. Tangu mafuriko alikuwa akiwatibu watu chini ya turubai.

Mwalimu alinishika mkono nilipokuwa nikipanga slaidi. "Binti yangu, leo uko huku mbele. Hutatusahau."

"Shikamoo, mwalimu," nilisema. Niliendelea kupanga plastiki zangu.

Ajenda yetu ilifikiwa muda wake ukiwa umekwisha kuliwa na nyingine. Slaidi ya kwanza ilikuwa na swali tu: Zahanati ijengwe wapi, au isijengwe? Ya pili ilikuwa jedwali. Niliifunika kwa karatasi nzito nikaishusha mstari kwa mstari, ili wasisome mbele yangu. Hakuna aliyebishana na mstari wowote. Mfanyabiashara alisoma kwa sauti mwendo wa watu wa mtoni kufika mwinukoni, akatikisa kichwa. "Huko ni mbali kwa mama mja mzito," alisema. Mwalimu naye aliusoma mstari wa mafuriko mara mbili.

Njia ya gari ilianguka yenyewe. Wakati wa mvua, barabara ndiyo hufa kwanza, na kila mtu pale aliwahi kukwama. Bwana DO alisema niikate, nikaipitishia mstari. Zilibaki mbili, na wanaume wawili wakitazamana.

Ndipo mwalimu akasimama. "Mheshimiwa, mbona tunagombania? Jengeni kwenye mwinuko, na pale kwetu muweke chumba kimoja. Muuguzi akae mwinukoni siku tatu, kwetu siku mbili. Kila mtu apate."

Ukumbi ulipiga makofi. Mfanyabiashara wa ng'ombe alipiga makofi pia. Bwana DO alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akachukua kalamu. Nami, nitasema kweli, nilifurahi. Nilimwona mama yangu akienda kwenye chumba hicho kimoja, kanga begani, bila kuvuka tope.

Mratibu hakupiga makofi. Aliniinamia. "Hiyo ni njia ya nne. Ipe safu yake."

Nilikuwa na plastiki tupu. Niliilaza juu ya jedwali, nikachora safu nyingine kulia, kichwa chake: Mwinuko pamoja na chumba mtoni. Mistari ya chini yake ilikuwa mitupu, ikang'aa ukutani. Makofi yakaisha.

"Naomba tujaze pamoja," nilisema. "Mafuriko?"

"Mwinukoni salama," alisema mwalimu. "Kile chumba... kitaingia maji."

Niliandika alivyosema. Mwendo kwa wafugaji: sawa na njia ya pili. Mwendo kwa watu wa mtoni: karibu, siku mbili kwa wiki. Gharama ya kujenga: Bwana DO mwenyewe alisema itazidi zote, niliandika "zaidi." Nikafika kwenye mstari wa muuguzi. Kwenye safu nyingine mbili palikuwa pameandikwa "yupo kila siku."

Watu waligeuka kumtazama muuguzi mlangoni. Alikuwa mwanamke mnyamavu, mzaliwa wa Hola, na sikuwa nimemsikia akisema neno lolote tangu mkutano uanze.

"Mimi ni mmoja," alisema. "Siku tatu na siku mbili ni maneno ya kalenda. Uchungu wa mama hausomi kalenda. Nikiwa huku, atakuja kule akute kufuli."

"Wizara itatupa wa pili," alisema mwalimu.

"Nimeomba wa pili tangu niripoti kazini," alisema muuguzi, bila hasira.

Bwana DO aliniangalia. "Andika."

Niliandika: Mmoja, hayupo nusu ya wiki. Maandishi yalikaa ukutani kwa ukubwa uleule wa mengine. Mwalimu alikaa chini polepole. Waliuliza maswali mawili matatu kuhusu nguzo, injinia wa wilaya, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema mto ukihama kama ulivyowahi kuhama, nguzo hazitazuia kitu, na Bwana DO akaita kura ya mikono. Mwinuko ukapita. Mwalimu aliinua mkono wake mwishoni, nusu, kama mtu anayejikinga jua.

Tulikusanya waya. Mratibu aliniambia, "Imekwenda vizuri," na kwa kipimo cha kazi ilikuwa kweli. Mkutano ulikuwa umeamua ndani ya muda wake, na kila mmoja alijua alichokiacha.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa akipepeta mchele, na habari ilikuwa imenitangulia.

"Wanasema ulichora safu ukaandika hapana," alisema.

"Sikuandika hapana, mama. Niliandika walichosema."

"Mwalimu anasema kila mtu alikuwa amekubali, mpaka wewe ukawasha ile taa."

Nilimweleza habari ya muuguzi, na kufuli. Alisikiliza, akiendelea kupepeta, pumba zikienda upande wa kuku.

"Sasa magoti yangu yatafika huko juu?" aliuliza.

"Ni mbali," nilisema.

"Najua ni mbali. Nakuuliza kama yatafika."

Mstari huo haukuwamo kwenye jedwali langu. Nilikuwa nimeandika mwendo kwa saa, wa mtu mzima mwenye afya. Baadaye nilijaribu mara nyingi kufikiria ningeuandikaje, na kwa magoti ya nani.

Jengo lilikamilika kabla ya mvua ndefu. Muuguzi alihamia kwenye nyumba ndogo nyuma yake, akapanda mipapai. Wafugaji walileta watoto wao kwa chanjo, na wanawake wa mtoni walijifunza kuondoka alfajiri, wawili wawili, wakipumzika mahali ambapo kina mama wa Kiorma walikuwa wakiuza maziwa. Mwalimu alinisalimia kwa heshima kila tulipokutana Garsen, lakini hakuniita tena binti yangu. Mama alikwenda mara moja, kupimwa presha. Alirudi amechoka, akakaa kizingitini akavua viatu, akaniambia kwamba kule juu kuna upepo mzuri, na kwamba maziwa yale yametiwa maji.