Asilimia Moja ya Wifi

Pale kituo cha utafiti wa mifugo walimwita Bi Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa takwimu. Mtafiti akija na mbwembwe kwamba amepata chakula cha kunenepesha mbuzi, Bi Mizani alimpa kiti, akamsikiliza mpaka tamati, kisha akamwuliza swali moja: kama chakula chako hakina lolote, bahati peke yake ingeweza kukupa tofauti kubwa hivi mara ngapi katika mia? Wengi walitoka mle chumbani wamenywea kama mpira uliochomwa mwiba.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa ujia, baina ya stoo ya sindano na choo cha wageni, dirisha likitazama zizi la ndama. Wapya kazini aliwafundisha humo, na somo lake la kwanza halikubadilika. Mtafiti, aliwaambia, ana makosa mawili yanayomvizia. Kosa la aina ya kwanza ni kupiga kelele za mwizi pasipo mwizi: dawa haina kitu, wewe unatangaza inaponya. Kosa la aina ya pili ni kukoroma huku mwizi anatoka na godoro: dawa inaponya kweli, wewe unasema hukuona kitu. Kiwango cha umuhimu unakipanga mwenyewe kabla ya kuanza, nacho ndicho kipimo cha kelele za bure unazokubali kupiga. Ukipanga asilimia tano, basi kila dawa isiyo na lolote ina nafasi tano katika mia ya kukudanganya. Nguvu ya jaribio ni nafasi yako ya kuamka mwizi anapokuja kweli. Ukitaka kupunguza kelele za bure na idadi ya wanyama ukaiacha palepale, utalala usingizi mzito zaidi. Hakuna cha bure, aliwaambia, na wao wakaandika.

Basi mtu anayejua hayo yote ndiye aliyefanya aliyoyafanya. Elimu haijawahi kumtibu mtu wivu.

Maana alikuwa na wifi. Dada mdogo wa mumewe alikuwa daktari wa mifugo palepale kituoni, mwanamke wa buti na kicheko kikubwa, ambaye hata ng'ombe mkorofi alimtulia. Mama mkwe akiwa na wageni alimtambulisha binti yake kwa cheo, "mwanangu daktari", kisha akageuka na kusema, "Na huyu mke wa mwanangu, anafanya mambo ya hesabu hesabu hivi." Hesabu hesabu hivi! Bi Mizani alitabasamu na kumeza. Mumewe naye hakununua hata pazia kabla ya kumwuliza dada yake. Hayo yote angeyavumilia. Lililomchoma mpaka mfupani ni siku ambayo binti yake wa kumzaa, akivaa viatu vya shule, alisema akikua atakuwa kama shangazi, kisha akauliza bila ubaya wowote, "Mama, kwani wewe unatibu nini?"

Alimfunga kamba za viatu, akazikaza mno, mtoto akalalamika.

Haukupita muda wifi akaleta dawa yake. Ilikuwa ya kuwapa ndama wanaoharisha, na alikuwa ameihangaikia miaka. Kwa matunzo ya kawaida, ndama watatu katika kumi wenye ugonjwa ule walikufa. Yeye aliamini dawa ingevipunguza vifo hivyo kwa nusu. Jaribio likifaulu, dawa itapelekwa kwa wafugaji. Likishindwa, mfadhili atafunga mfuko wake na dawa italala kabatini, pengine milele. Fedha zilizokuwepo zilitosha ndama mia mbili na arobaini: nusu wapewe dawa, nusu wapate matunzo ya kawaida.

Mtakwimu kituoni alikuwa mmoja tu. Asubuhi ya kikao cha kupanga, Bi Mizani alikaa mezani kwake akapiga hesabu kama kawaida. Kwa kiwango cha asilimia tano, ndama mia na ishirini kila upande walitoa nguvu ya asilimia themanini: dawa ikiwa inapunguza vifo kwa nusu kweli, jaribio lingeiona mara nane katika kumi. Hesabu safi. Hapo angeweza kufunga kompyuta. Badala yake, mkono ukiwa kama si wake, alifuta tano akaweka moja. Nguvu ikaporomoka hadi sitini. Akaangalia ndama wangapi wangeirudisha themanini: mia na sabini na tano kila upande. Alizitazama namba hizo kwa muda, halafu akafunga.

Kikaoni Mkurugenzi, mzee mpole aliyeogopa magazeti, aliuliza kama huu undugu hautaleta maneno. Bi Mizani ndiye aliyejibu, kwa sauti tamu ya asali.

"Ndiyo maana napendekeza tukaze kiwango, Mkurugenzi. Asilimia moja badala ya tano. Asije mtu akasema wifi yangu kabebwa."

Wote waliitikia kwa vichwa. Kukaza kiwango kunasikika vizuri siku zote. Ni sawa na mtu anayesema yeye hapendi uchafu, nani atambishia? Habari za ndama mia na sabini na tano hazikutajwa. Hakuna aliyeuliza, naye hakusema. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa wifi mwenyewe, aliyemshika bega wakati wa kutoka akamshukuru kwa kumlindia heshima. Bi Mizani alijisikia vibaya mpaka kwenye ngazi, na pale ngazini akakumbuka "hesabu hesabu hivi", akapata nafuu.

Jaribio likaenda. Kutoka dirishani alimwona wifi zizini kila siku, amepiga magoti kwenye matope, anamshika ndama kichwa na kumnywesha. Siku nyingine binti yake alikuja baada ya shule, na hakupita hata kumsalimu mama. Alikwenda moja kwa moja zizini kushika chupa. Siku hizo Bi Mizani alifunga dirisha akasema kuna nzi.

Matokeo yalipokuja, aliyachambua mwenyewe. Upande wa matunzo ya kawaida ndama thelathini na sita walikuwa wamekufa. Upande wa dawa, ishirini na mmoja. Aliiamuru kompyuta ipime, ikajibu: kama dawa haina lolote, tofauti kubwa namna hii au kuzidi ingeweza kutokea kwa bahati mara mbili nukta tatu katika mia. Chini ya tano. Juu ya moja. Dawa imekwama getini, katika uwazi uleule alioupunguza kwa mkono wake.

Alifurahi. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Alikwenda akajimiminia chai, akainywa amesimama.

Furaha ile ilidumu mpaka alipoletewa rasimu ya barua ya Mkurugenzi kwa mfadhili. Ilisema jaribio limethibitisha kwamba dawa haifanyi kazi. Alilisoma neno "limethibitisha" mara mbili. Mtu wa kwanza kituoni kuandika sentensi ya namna hiyo mbele yake, yeye mwenyewe alimfukuza chumbani, maana kushindwa kuona si kuona kwamba hakuna. Sasa ilikuwa mezani kwake, ikingoja sahihi yake, na yeye ndiye aliyeizaa.

Hajashika kalamu, wifi akaingia. Alikuwa bado na buti, ananuka dawa ya kuulia vijidudu, macho yamevimba. Alikaa kwenye kile kiti cha wanaonywea.

"Wifi, niambie kama mtu wa nyumbani. Dawa yangu haina kitu?"

Bi Mizani alisema jaribio halikuweza kulijua hilo. Akaongeza upesi, kwa ukali usiokuwa na sababu, kwamba kiwango hakirudishwi tano baada ya matokeo kuonekana, huo utakuwa udanganyifu.

"Siombi hilo," wifi alisema. "Ningeona aibu. Nilikuwa najiuliza tu kama ndama walitosha. Siku ile sikuuliza. Nikasema hesabu ni zako, ulishazipiga. Nani angenipunja, mke wa kaka yangu?"

Bi Mizani aliisikiliza sauti ile, akitafuta mwiba ndani yake. Alitaka sana aupate. Haukuwemo. Mwanamke yule alikuwa anauliza kweli, na alipokosa jibu alijifuta macho kwa kiwiko, akaaga, akarudi kwa ndama wake.

Kesho yake kikao cha mwisho kilikaa katika chumba kilekile chenye meza ndefu na feni mbovu. Mkurugenzi aliinua barua ili waipitishe. Bi Mizani akasema hatatia sahihi. Alieleza polepole, kama anavyowaeleza wapya, kwamba jaribio lile lilikuwa na nguvu ya asilimia sitini tu. Hata dawa inayopunguza vifo kwa nusu, majaribio kumi ya namna ile yangeikosa manne. Hasemi dawa inaponya. Inawezekana kabisa haina lolote. Anasema hawajui, na barua isiseme wanajua. Wakitaka kujua, huku wakibaki na asilimia moja yao, basi lifanyike jaribio jipya la ndama mia na sabini na tano kila upande, ili nguvu irudi themanini.

Mkurugenzi alivua miwani.

"Haya umeyajua leo," aliuliza, "au uliyajua siku ile tunapanga?"

Bi Mizani alikuwa ameamka asubuhi akijua swali hilo litakuja. Alikuwa amejiandaa kulijibu, na katika kujiandaa huko alikuwa amepata utulivu ambao hakuwa nao tangu aolewe katika nyumba ile. Lingekuwa jambo lake mwenyewe, zito na safi, ambalo hakuna wa kumpokonya.

"Niliyajua," alisema.

"Tuliyajua sote wawili, Mkurugenzi," wifi akadakia papo hapo. "Fedha hazikutosha, tukaona tujaribu hivyohivyo. Kosa ni letu."

Ulikuwa uongo mtupu. Aliutoa bila kupepesa jicho, na chini ya meza mkono wake wenye mikwaruzo ya kamba za ndama uliufuata mkono wa Bi Mizani ukaubana. Kwa hiyo alikuwa ameelewa. Labda tangu jana, labda dakika ile. Mkurugenzi alivaa miwani, akalainika. Akasema atamwomba mfadhili fedha za jaribio jipya, tena atamweleza kwamba si kila kituo kina mawifi wanaoshirikiana namna hii. Wajumbe wakacheka kidogo, kwa wema.

Bi Mizani alikaa, mkono wake umeshikwa. Angeweza kusimama tena akasema hapana, ni mimi peke yangu, ni kijicho tu. Lakini sasa kusema hivyo kungemfanya wifi kuwa mwongo mbele ya watu. Alimtazama kwa pembe ya jicho: mdogo kwake kwa umri, amesamehe kabla ya kuombwa, na anaandika tayari idadi ya ndama kwenye kiganja. Mambo yote mengine angemwachia, mume, mama mkwe, hata mtoto. Kuungama alitaka kuwe kwake peke yake, na hata hapo wifi alikuwa ameingia. Na hilo nalo alimwonea wivu.