Vichupa Kumi na Viwili vya Mama Barafu

Mkuu wa maabara ya homoni alikuwa amekula vitabu kweli kweli, hilo hata adui zake hawakumnyima. Alichokosa ni adabu. Wafanyakazi walimwita Bwana Alfajiri, nyuma ya mgongo wake bila shaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza wiki bila kuamshwa na simu yake. Na aliyeamshwa kuliko wote ni yule fundi wa maabara aliyeshika funguo za friji za baridi kali, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wawili, ambaye kazini walimwita Mama Barafu.

Zile friji zilikuwa na king'ora kilichotuma ujumbe kwenye simu ya mkuu kila joto lilipopanda kidogo. Mtu mwingine angenunua friji mpya, au angepanga zamu. Bwana Alfajiri yeye alipiga simu. "Friji namba mbili inalia, uko wapi?" Saa kumi na moja alfajiri, mtu atakuwa wapi? Mama Barafu alivaa viatu, akaenda, akafungua, akafunga, mara nyingi akakuta ni mlango tu haukubanwa vizuri. Akifika nyumbani kupumzika usiku, simu tena: matokeo ya leo yako wapi, kwa nini karatasi imekunjwa, nani alikwambia uondoke. Miaka minne. Mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, alishazoea kuuona mwanga wa simu ukiwaka kabla ya jua.

"Mama, zima hiyo simu," alimwambia.

"Nikizima, namwaga unga."

Akajikaza kisabuni, kama tunavyojidanganya wengi. Mwili haukudanganyika. Mwaka uliotangulia alitokwa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayouma kama moto, yakamzunguka ubavuni upande mmoja. Wafanyakazi wote walipochanjwa homa ya ini, dozi tatu kila mtu, walipopimwa baadaye ni yeye peke yake ambaye mwili wake haukuwa umetengeneza kinga ya kutosha. Na sasa kulikuwa na kidole. Kioo kilimkata kidole cha shahada, kidonda kidogo tu, ambacho kwa mtu mwingine kingefunga ndani ya siku kumi. Chake kilikuwa na wiki ya saba, na bado alikuwa akibadilisha plasta.

Basi ikaja ile kazi ya vipimo vya kawaida. Maabara ilipata mashine mpya ya kupima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate, na kabla ya kuwapima wagonjwa ilibidi ijulikane kwanza mtu mzima asiye na tatizo huwa na kiasi gani. Wafanyakazi arobaini walijitolea. Kila mmoja alipewa vichupa kumi na viwili, vinne kwa siku, kwa siku tatu: unapoamka, nusu saa baadaye, saa sita mchana, na kabla ya kulala. Kila kichupa kilikuwa na mstari wake kwenye fomu: tarehe, saa, ulichokula, na safu ya nne iliyosema, "Jambo lolote lililokutibua ndani ya saa moja iliyopita." Fomu hiyo aliitunga Bwana Alfajiri mwenyewe, na aliisifia sana kwenye mkutano.

Mama Barafu alitema mate yake kwa saa zilizoandikwa, akajaza kila safu, akavipeleka vichupa kwenye barafu. Matokeo yalipotoka, thelathini na tisa walipanda na kushuka inavyotakiwa. Mtu wa kawaida alianza na kumi na mbili, nusu saa baada ya kuamka akapanda hadi kumi na nane, mchana akashuka hadi tano, na wakati wa kulala akabaki na moja na nusu. Mama Barafu alipata saba, nane, sita, sita. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Mtu mwenye roho nzuri angeuliza, "Dada, unaumwa?" Bwana Alfajiri hakuuliza. Alisimama katikati ya maabara mbele ya watu wote na karatasi mkononi.

"Hivi unaniona mimi mtoto mdogo? Umekaa hapo kwenye meza yako, umejaza vichupa vyote kumi na viwili kwa mpigo mmoja, halafu ukabuni saa."

"Mkuu, nilitema kwa saa zake."

"Saba, nane, sita, sita. Hiyo ni siku au ni dakika tano?"

Siku hiyo hiyo alimwandikia barua ya kumshtaki kwa kughushi data. Kwa fundi wa maabara hilo si jambo la kukaripiwa na kwisha. Akipatikana na hatia, baraza la wataalamu wa maabara linafuta leseni, na miaka kumi na tisa ya kazi inaisha kwa muhuri mmoja. Mama Barafu alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Alimchukia mtu yule, na kwa mara ya kwanza hakujilaumu kwa kumchukia.

Tatizo ni kwamba mkuu hakuwa amesema upuuzi. Mtu akighushi kwa namna hiyo, ndivyo matokeo yanavyoonekana, namba zimelala chali. Mama Barafu mwenyewe angeiona karatasi ya mtu mwingine, angemshuku. Ndipo, akiwa bado chooni, alipokumbuka mate yaliyobaki. Kipimo hutumia matone machache tu, na vichupa vyake vyote kumi na viwili vilikuwa ndani ya friji namba mbili, ile ile iliyomnyima usingizi.

Kamati ya nidhamu ilikutana Jumatano, chumba cha mikutano, viti vyenye magurudumu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti alikuwa daktari bingwa wa tezi, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, asiyependa kelele.

"Una la kujitetea?" aliuliza.

"Daktari, naomba mate yangu yapimwe melatonini."

Bwana Alfajiri akacheka. Mwenyekiti hakucheka, alivaa miwani.

Melatonini ni homoni ya giza. Mchana karibu haipo, jioni inapanda, na alfajiri kabla ya jua bado ipo kidogo. Vichupa vikijazwa kwa mpigo mmoja, vyote vitaonyesha kiasi kile kile. Vikijazwa kwa saa zake, cha kulala na cha mchana haviwezi kufanana hata kidogo. Vifaa vya kipimo hicho vilikuwepo, masalio ya utafiti wa usingizi wa manesi.

"Lakini nisipime mimi," Mama Barafu aliongeza. "Wala mkuu asipime. Daktari, wewe ubandue majina na saa, ubandike namba zako, fundi wa wodi yenu apime bila kujua kipi ni kipi."

"Huyu anatupotezea muda," Bwana Alfajiri alisema.

"Muda ni wangu," mwenyekiti alijibu.

Wiki nzima mkuu hakumsemesha kazini ila kwa kumtuma. Simu lakini hazikukoma. Mara tatu king'ora kililia, mara tatu alimwamsha yule yule aliyekuwa akimwita tapeli, aende akailinde friji yenye ushahidi. Alikwenda, na kila mara alihesabu vichupa vyake ndani ya mfuko uliopigwa muhuri na daktari, kabla ya kufunga.

Jumatano ya pili mwenyekiti alifungua bahasha na kusoma bila haraka. Mchana, siku zote tatu, karibu sifuri. Kabla ya kulala, juu, siku zote tatu. Alfajiri, katikati.

"Saa ni za kweli," alisema. "Hakughushi kitu."

Bwana Alfajiri alijikohoza. "Basi mashine ilikosea kotisoli."

"Mashine haikukosea watu thelathini na tisa ikamkosea mmoja mara kumi na mbili. Wewe unajua zaidi ya hapo." Kisha akawageukia wanakamati wawili, mhasibu na mwanasheria, ambao hawakusomea mambo hayo. "Ukitishwa, ubongo unaagiza tezi ndogo iliyo chini yake, nayo inaziagiza tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zinamwaga kotisoli. Hiyo ni nzuri, inakupa nguvu na kuzuia uvimbe usizidi. Ikitosha, inarudi yenyewe kuuambia ubongo uache. Lakini mtu akitishwa kila siku, miaka, kwa baadhi ya watu ile sauti ya kusema acha inafifia. Asubuhi haipandi inavyopaswa, usiku haishuki. Na askari wa mwili wanaichoka: chanjo haishiki vizuri, virusi vilivyolala vinaamka, vidonda vinachelewa."

Mhasibu akakitazama kidole cha Mama Barafu, naye akakificha chini ya meza kwa aibu.

"Kidonda kimoja hakithibitishi kitu," mwenyekiti aliendelea, "na wapo wasioitikia chanjo bila sababu yoyote. Tutamchunguza, huenda kuna ugonjwa mwingine. Ila vyote hivi kwa mtu mmoja, mimi sivipuuzi."

"Sawa," Bwana Alfajiri alisema, na hata hapo hakuomba radhi. "Tuandike ameondolewa kwenye vipimo vya kawaida kwa sababu ya maradhi. Ingawa sielewi. Kama alikuwa na mateso yake huko nyumbani, kwa nini hakuniambia?"

Mama Barafu aliweka mikono yote miwili juu ya meza, plasta ikaonekana.

"Nilikuambia, mkuu. Nilikuandikia mara kumi na mbili. Kwenye fomu yako."

Mwenyekiti alivuta jalada, akatafuta fomu, akapitisha kidole hadi safu ya nne. Akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea melatonini.

"Siku ya kwanza, kuamka: mkuu amepiga simu, friji. Nusu saa baadaye: mkuu amepiga simu, niko njiani. Saa sita: mkuu amenifokea mbele ya wagonjwa. Kabla ya kulala: mkuu amepiga simu, karatasi imekunjwa. Siku ya pili, kuamka: mkuu amepiga simu." Aligeuza ukurasa. "Niendelee?"

Bwana Alfajiri alikuwa akiitazama fomu kana kwamba ameandikiwa na mtu asiyemjua, na kwa kweli safu ile hakuwa ameisoma hata mara moja, ya mtu yeyote kati ya wale arobaini. Alichotaka yeye ni namba.

"Nimeomba kuhamia benki ya damu," Mama Barafu alisema. "Utawala umekubali tangu jana."

"Na friji zangu nani atazishika?"

Alifungua mkoba, akatoa kile kifungu cha funguo nne zilizochakaa, akakisukuma juu ya meza mpaka kikagonga jagi la maji.

"Namba mbili mlango wake haubani," alimwambia. "Alfajiri ikilia, vaa viatu uende."