Ndoo Moja ya Rangi Nyeupe

Dereva wa lori la maziwa hakuwahi kuipenda fomu ya kodi ya mapato, ila mwaka huu aliichukia. Mkewe alisoma nafasi moja moja mezani, yeye akapekua bahasha.

"Mshahara wa mwaka?"

Akasoma kwenye cheti cha mwajiri. Kodi iliyokwisha kukatwa ilikuwa humo humo, chini kidogo.

"Riba ya benki?"

"Hii hapa kwenye taarifa yao. Haitoshi hata chumvi."

"Mapato ya pango?"

Akatoa vitabu vya risiti alizomkatia mpangaji wa chumba cha nyuma, akajumlisha taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Toa gharama za matengenezo. Risiti unayo?"

Anayo. Ndoo moja ya rangi nyeupe. Kabla mpangaji hajaingia, aliupaka ukuta rangi mara tatu, maana mama yake mzazi, aliyeishi humo hadi mwisho wake, macho yalipokwisha nuru alikuwa akiupapasa kutoka kitandani hadi mlangoni, na kiganja chake kilikuwa kimechora mstari mweusi usiotaka kufutika.

Mkewe akashusha sauti. "Wazazi unaowatunza?"

"Sifuri."

Alichungulia nakala ya mwaka jana. Hapo palikuwa na moja, na mama alikuwa amempunguzia kodi. Safari hii chumba chake kilikuwa kinamwongezea.

"Tia saini, baba watoto. Unathibitisha umeandika yote, hukuacha kitu."

Dereva aliitazama ile risiti ya rangi. Kisha akatia saini.