Vocha ya Safari Iliyokwisha

Jovinary alipima ardhi kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wa Mkolani, Mwanza, wanamjua kwa ubishi wake wa nusu mita. Alishawahi kurudi Kisesa mara tatu kwa sababu ya jiwe moja la mpaka ambalo wenye viwanja wote wawili walikuwa wamekwisha kukubaliana nalo. "Wamekubaliana, lakini haliko mahali pake," alisema, akaling'oa. Alipostaafu alibaki na tabia hiyo, na kabati la mafaili ambalo mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akiliita mke mwenza.

Ndugu aliyebaki alikuwa mmoja tu, dada yake Bernadetta. Baba yao alipofariki huko Kamachumu, Jovinary alikuwa na miaka saba na Bernadetta kumi na minne. Msichana aliacha shule ili mdogo wake asome. Alichuma kahawa ya watu, akauza ndizi, na kila muhula alimsindikiza Jovinary shuleni kwa miguu, sanduku likiwa kichwani kwake yeye. Uzeeni alihamia Dar es Salaam kwa binti yake, Kokulinda, na ndiko figo zilikomgomea.

Ijumaa moja Kokulinda alipiga simu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Mjomba, njoo. Daktari hajasema neno, ila mama mwenyewe anakuulizia. Tangu asubuhi anauliza, 'Jova amefika?'"

Mchana ule ule Jovinary alikwenda mjini kwa Minaz. Huyu Minaz ana duka dogo la tiketi karibu na soko kuu, dawati moja na kompyuta mbili, mahali ambapo babu yake aliuza vitenge. Alimtafutia ndege ya Jumamosi asubuhi, kwenda na kurudi. Jovinary alilipa kwa simu hapo hapo, laki tano na elfu sitini, akakunja karatasi ya tiketi akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Kesho yake alifika uwanjani kabla ya saa kumi na moja. Ndege ilikuwa iondoke saa moja na nusu. Abiria walikaguliwa, wakakaa. Saa moja ikapita, saa moja na nusu ikapita. Saa mbili kasoro kijana wa kaunta alisimama akatangaza kwamba safari imefutwa kwa sababu za kiuendeshaji, na wakati huo huo simu za watu zikaanza kulia kwa ujumbe wenye maneno hayo hayo.

Jovinary alisogea kaunta.

"Kijana, mimi nina mgonjwa. Niwekeni kwenye ndege nyingine yoyote ya leo, hata ya shirika jingine."

"Mzee, sisi tunakupangia ya kwetu. Nafasi iliyopo ni Jumatatu jioni."

"Jumatatu ni mbali, siitaki."

"Naelewa, mzee wangu. Ndiyo iliyopo."

Aliuliza mashirika mengine mwenyewe, kaunta kwa kaunta. Ndege zote za siku ile zilikuwa zimejaa. Hakugombana na mtu. Alivuka mji mzima mpaka stendi ya Nyegezi, akapata kiti kwenye basi la saa saba mchana.

Walikuwa wamefika Nzega, jua likielekea kutua, simu ilipoita. Kokulinda hakusema shikamoo. Alilia tu, na Jovinary akamsikiliza akilia hadi salio likamwishia. Basi liliposimama abiria wengine walishuka kununua mahindi. Yeye alibaki kwenye kiti. Baadaye ujumbe wa Kokulinda ukaingia: Bernadetta alikuwa amefariki saa kumi na moja jioni. Ile ndege ingeruka, kaka mtu angekuwa Dar saa tatu asubuhi. Alipiga hesabu hiyo bila kutaka, kama alivyozoea kupiga hesabu za viwanja: saa nane. Saa nane nzima angekuwa ameketi karibu na kitanda.

Dar hakukaa. Mwili ulisafirishwa kwa gari kwenda Kamachumu naye akawa ndani ya gari hilo, kwa hiyo kwa siku nne alivuka nchi mara mbili. Walimzika Bernadetta kwenye migomba ya baba yao.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamekaa matanga juu ya majani yaliyotandikwa chini, simu yake iliingiza ujumbe. Shirika la ndege lilikuwa limemwandalia vocha ya usafiri yenye thamani ya nauli yake, itumike ndani ya miezi sita, kwa jina lake tu, na haibadilishwi kuwa fedha. Chini palikuwa na neno la kubonyeza: KUBALI.

"Bonyeza, Mjomba," alisema Kokulinda, macho yamemvimba. "Si ni hela yako hiyo? Utakuja kututembelea."

Jovinary aliitazama simu. "Nilikuwa naenda kwa Dada," alisema. "Hiyo safari imekwisha." Akaizima.

Aliporudi Mwanza alikwenda moja kwa moja kwa Minaz.

"Shikamoo, mzee Jovinary. Pole sana. Pole mno."

"Marahaba. Nimeshapoa, mama." Hakuwa amepoa. Aliweka simu mezani. "Hiki kitu ni lazima nikichukue?"

Minaz aliusoma ujumbe, akauliza swali moja tu. "Ulibonyeza?"

"Hapana."

"Afadhali. Usibonyeze." Alivuta kiti chake karibu. "Sikiliza, mzee wangu. Ungeifuta safari wewe, ningekwambia pokea wanachokupa, maana tiketi yako ni ya bei ndogo na masharti yake yanabana. Lakini wameifuta wao. Wakifuta wao, mwenye kuchagua ni abiria: apangiwe safari nyingine au arudishiwe nauli. Vocha wanaweza kukuomba uipokee, hawawezi kukulazimisha. Ukishaikubali, basi, unahesabika umelipwa, na kuidai hela baada ya hapo ni kazi kubwa."

"Na hela itarudi kwa nani? Mimi nilikulipa wewe."

"Inarudi kwa njia iliyokwenda. Wao wananirudishia mimi, mimi nakutumia wewe kwa namba ile ile. Kwa hiyo watakwambia nenda kwa wakala, na mimi siwezi kutoa mpaka wao waidhinishe. Usikubali kuzungushwa. Leo napeleka maombi kwenye mfumo, na wewe unawaandikia barua."

Jovinary aliandika barua yeye mwenyewe kwa mkono, kisha Minaz akaichapa na kuituma kwa barua pepe. Ilikuwa fupi: namba ya tiketi, tarehe, safari imefutwa na shirika, sikuipokea safari mbadala, sikuikubali vocha, naomba nauli yangu yote kwa njia niliyolipia. Nakala aliipeleka kwenye ofisi ya shirika mjini, akaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Meneja wa pale, mtu mpole aitwaye Revocatus, aliugonga bila kinyongo.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Lilisema safari ya Jumamosi iliahirishwa hadi Jumatatu, na kwamba abiria hakutokea Jumatatu.

Jovinary alirudi kwa Revocatus na kuisoma barua hiyo kwa sauti, polepole.

"Abiria hakutokea," alirudia. "Jumatatu, mwanangu, nilikuwa ndani ya gari lililobeba jeneza la dada yangu. Tulikuwa tumefika Singida."

Revocatus aliinamisha kichwa. "Pole sana, mzee. Mimi barua hii siiandiki, inatoka makao makuu."

"Najua. Lakini wewe ndiye uliye mbele yangu." Alitoa simu. "Soma ujumbe wenu wa siku ile. Mmeandika nini hapo?"

"Imefutwa," Revocatus alisoma.

"Mmeandika imefutwa. Hamkuandika imeahirishwa. Na hiyo ya Jumatatu nilimwambia kijana wenu siitaki, pale pale kaunta. Piga picha ujumbe huo, uwapelekee."

Revocatus alipiga picha. Safari hii makao makuu walikubali kwamba ndege ilifutwa, ila wakaandika watarudisha nauli ya kwenda peke yake, baada ya kukata gharama za uendeshaji.

Minaz alicheka kwa hasira. "Ya kurudi ungerudije kama hukwenda? Ni tiketi moja. Na makato ni ya mtu aliyefuta mwenyewe."

Wakaandika barua ya pili. Ndani yake Minaz aliweka sentensi moja mpya: kwamba wasipojibu kwa siku kumi na nne, malalamiko yatapelekwa kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa anga, pamoja na nakala za tiketi, ujumbe na barua zote. "Ungeenda kwao siku ya kwanza wangekuuliza kama umeanza na shirika," alimweleza. "Sasa una karatasi za kuonyesha umeanza."

Katika wiki zile majirani walimwona Jovinary akiamka mapema, akivaa shati la mikono mirefu, akishuka mjini na faili kwapani. Walidhani ni kiwanja cha mtu. Mmoja alipojua ni nauli ya ndege alimwambia kwa wema, "Mzee, chukua tu hiyo vocha. Si utaiuza?" Jovinary alimjibu kwamba ina jina lake, haiuziki, kisha akaongeza kitu ambacho jirani hakukielewa: "Wananiambia nipande tena. Nipande nikamwone nani?"

Siku ya kumi na moja tangu barua ya pili, pesa iliingia. Ilikuwa nauli yote, kwenda na kurudi, bila makato. Ya basi hakuna aliyeirudisha, wala hakuwahi kuidai. Minaz alimtumia kwa namba ile ile, pamoja na ujumbe, naye akaja dukani saa nne asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja, faili mapajani.

"Imeingia yote, mzee wangu. Umeshinda."

"Nimeona. Asante, Minaz. Mungu akubariki."

Alilifungua faili ili atoe zile karatasi, akazipanga mezani kwa tarehe: tiketi, barua, majibu, muhuri. Alizitazama. Kwa wiki sita, kila asubuhi, palikuwa na mtu wa kumwandikia, mtu wa kumjibu, kosa moja la kusahihisha. Sasa hapakuwa na yeyote.

"Bado unazihitaji hizi?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Zimekwisha kazi."

Aliegemeza mikono mezani ili asimame, akakaa tena. Na yule mpima ardhi, ambaye hakulia Nzega wala Kamachumu watu wote walipolia, alilia katika duka la tiketi kama mtoto wa miaka saba, akimwita dada yake kwa Kihaya.

Mteja mmoja aliingia, akasimama mlangoni. Minaz alimwomba arudi baadaye. Alifunga mlango, akafunga na kompyuta, akaketi upande ule wa wateja, karibu na mzee. Nje soko lilikuwa limechangamka, na ilikuwa karibu adhuhuri Jovinary alipofuta uso, akasema anataka kwenda nyumbani.