Transista Tatu za Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya kushika kifaa chochote cha kazi, Andati alikwenda hadi kwenye mfereji wa chuma ulio kwenye kona ya maabara na kuugusa kwa mgongo wa mkono. Hakuufungua. Aliugusa tu, akatulia kidogo, kisha akageuka kuianza siku. Wanafunzi walisema mzee anauamkia mfereji. Yeye alikuwa na sababu yake. Alijua kwamba mtu anayetembea kutoka Ziwani hadi Jogoo Road akiwa amevaa sweta ya sufu huweza kubeba umeme mwilini bila kujua, na chipu ndogo ikauawa na umeme huo kabla haijafanya kazi hata siku moja; chuma cha mfereji huutoa mwilini na kuupeleka ardhini. Alikuwa amezika chipu nyingi kabla ya kulijua hilo.

Baada ya mfereji, hakukaa tena mpaka jioni. Mutheu, mwalimu mpya aliyetoka chuo kikuu mwaka uliopita, hakuwahi kumwona Andati akiketi. Alikunywa chai akiwa amesimama. Alilehemu akiwa amesimama, ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mutheu, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa na kitabu na kunyamaza, alichoka kwa kumtazama tu.

Andati alikuja Nairobi mwaka wa sitini na tisa kutoka Butere. Alilehemu redio katika kiwanda kimoja cha Industrial Area hadi kiwanda kikafungwa, kisha akapata kazi ya kufagia katika chuo hiki cha ufundi karibu na Makadara. Siku moja akaifungua mashine ya kupimia mawimbi ya umeme ambayo walimu walikuwa wameigeuza meza ya kuwekea vyungu vya maua. Ilipowaka, mkuu wa idara wa wakati ule alimwambia aache ufagio. Tangu siku hiyo alikuwa fundi wa maabara, ila kwenye karatasi za ofisini bado aliandikwa msafishaji. Cheti hakuwa nacho hata kimoja.

Na mwaka huo, tisini na sita, cheti kilikuwa kila kitu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Jumatatu asubuhi, Bwana Gichuru, mkuu wa idara, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa," alisema. "Wasio na vyeti wataangaliwa kwa kazi ya mikono yao. Mzee, wewe kazi yako ni ule ubao. Ubao ukifanya kazi, tunakutetea. Usipofanya, jina lako linaingia kwenye orodha, na mimi sitakuwa na la kusema."

"Ubao utafanya kazi," Andati alisema, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Ubao wenyewe ulikuwa wa plaiwudi, upana wa mlango wa kabati. Mutheu alikuwa amechora na Andati akajenga. Ulionyesha seli moja ya kumbukumbu, ile ya transista sita ambayo ndani ya chipu hukaa na maelfu ya wenzake mahali padogo kuliko ukucha. Mutheu alitaka wanafunzi waione kwa macho, ikiwa kubwa, yenye nyaya za rangi.

Jumatatu hiyo aliwafundisha akionyesha kila sehemu kwa kipande cha chaki.

"Hapa kuna vigeuzi viwili," alisema. "Kila kimoja kina transista mbili: ya juu inavuta kuelekea volti tano, ya chini inavuta kuelekea sifuri. Kigeuzi kikipewa juu, kinatoa chini. Kikipewa chini, kinatoa juu. Sasa kinachotoka kwa huyu kinaingia kwa yule, na kinachotoka kwa yule kinarudi kwa huyu. Huyu akisema juu, yule lazima aseme chini, na kwa sababu yule amesema chini, huyu anaendelea kusema juu. Wanashikana hivyo mpaka umeme ukatike. Hiyo ndiyo biti ya kumbukumbu: huyu akiwa juu ni moja, akiwa chini ni sifuri."

"Kama majirani wa ploti ya kupanga wakigombana," alisema Muoki, mwanafunzi wa kiti cha nyuma. "Hakuna anayebadilisha maneno."

Walicheka, na Mutheu akapata nguvu ya kuendelea. Akawaonyesha transista mbili zilizobaki, milango, moja kila upande. Mlango wa kushoto uliunganisha seli na waya wa kushoto, wa kulia na waya wa kulia, na yote miwili ilifunguliwa na kitufe kimoja. Kuandika, alisema, unashikilia waya mmoja juu na mwingine chini kabisa, kisha unafungua milango. Waya ulio chini unaivuta seli upande wake kwa nguvu, transista ya juu inashindwa, na wale wawili wanageuka. Kusoma ni tofauti. Unazijaza nyaya zote mbili volti tano, unaziachilia, kisha unafungua milango. Upande wenye sifuri unaanza kuumwaga waya wake. Waya unaoshuka ndio unaokuambia seli imeshika nini. Kwenye kila waya Andati alikuwa amefunga kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, ili ushuke polepole na sindano ya mita ionekane ikitembea.

Mutheu aliandika moja. Akasoma. Sindano zote mbili zilicheza kidogo, na taa ndogo ya seli, inayowaka kwa moja na kuzima kwa sifuri, ikabaki kwenye moja. Vizuri. Akaandika sifuri. Taa ikaonyesha sifuri. Akajaza nyaya, akabonyeza kitufe cha milango na kukiachia. Taa ikasema moja.

Akarudia. Sifuri, kisha akasoma, ikawa moja. Mara tano.

"Mwalimu, hiyo memory ni kama ya buda wangu, mzee wa nyumbani," Muoki alisema. "Ukimwacha anakumbuka, ukimuuliza anasahau."

Darasa liliangua kicheko. Andati alikuwa dirishani. Hakucheka, wala hakugeuka.

Jumanne na Jumatano zilipita kwa wasiwasi. Mutheu alibadilisha kapasita, akabadilisha kitufe, akapima umeme unaoingia. Usingizi ulimpaa; nyumbani kwa shangazi yake Makadara alichora seli kwenye bahasha, kwenye gazeti, kwenye kiganja. Jambo moja lilimkera. Asipousoma, ubao ulishika sifuri siku nzima. Aliuacha Jumanne asubuhi ukiwa na sifuri, akaukuta jioni bado unayo. Seli haikuwa na ubovu wa kukumbuka. Ilikuwa inaharibika pale tu inapoulizwa.

Andati alizunguka meza. Alipanga bisibisi kwa urefu, kisha kwa rangi, kisha tena kwa urefu.

"Mzee, kaa kidogo," Mutheu alimwambia Jumatano.

"Nikikaa nitafikiria, mwalimu."

"Unafikiria nini?"

"Mke wangu nimeshamwambia tutarudi Butere. Nimemwambia mapema ili nisije nikamwambia kwa ghafla." Akachukua kitambaa akaifuta mita. "Shamba lenyewe ndugu zangu walishaligawa."

Mutheu alivuta mita karibu. Alirudi kwenye sindano zake.

Alhamisi, saa nne, aliandika sifuri, akajaza nyaya, na safari hii hakuiangalia taa. Alizikazia macho mita mbili. Akafungua milango na kukishikilia kitufe. Sindano zote mbili zikaanza kushuka, pamoja, kama watu wawili wanaoteremka ngazi.

Akaachia kitufe. Akavuta bahasha, akachora sindano mbili zikishuka. Moja tu ndiyo iliyotakiwa kushuka. Zikishuka zote mbili, basi ndani ya seli hakuna tena aliye juu wala aliye chini. Wote wawili wamesukumwa katikati. Na milango ikifungwa wakiwa katikati, wataangukia upande ule ule wenye udhaifu kidogo, kila siku upande huo. Upande huo ulikuwa wa moja, ndiyo maana moja ilionekana kuwa nzima.

Nani aliwasukuma katikati? Nyaya zilizojaa volti tano, zikiingia kwa mlango. Transista ya chini ilikuwa inajaribu kuushikilia upande wake kwenye sifuri, ikazidiwa na mlango.

"Mzee," alisema, "nisaidie tuugeuze ubao."

Andati alisita. Kisha wakaulaza kifudifudi juu ya meza. Mutheu alihesabu chipu. Kila chipu ya aina ile ilikuwa na transista tatu za kuvuta chini na tatu za kuvuta juu. Mchoro wake ulihitaji chipu mbili, maana milango nayo ni ya aina ya kuvuta chini. Ubaoni kulikuwa na tatu. Alifuata nyaya kwa kidole. Kila mlango ulikuwa na transista tatu zilizofungwa bega kwa bega, zikifanya kazi kama moja yenye nguvu mara tatu. Ya chini, ile inayoshikilia sifuri, ilikuwa moja peke yake.

"Mchoro wako ulionyesha zote sawa," Andati alisema kwa sauti ya chini. "Nikaona mlango ndio unaopitiwa na kila kitu, kuandika na kusoma. Kiwandani tulifunzwa njia inayotumika sana iwe nene, isichomeke. Nikasema nimsaidie mwalimu, niufanye mpana."

"Tangu Jumatatu ulijua ziko tatu."

"Nilijua ziko tatu. Sikujua ndizo zinazoharibu. Na niliogopa kusema, maana hapa kitu kikiharibika, wa kwanza kutajwa ni asiye na cheti."

Mutheu alikaa kwenye kiti cha wanafunzi. Alikuwa na hasira, na haya pia, kwa sababu mchoro wake haukuwa na neno hata moja juu ya nguvu. Ulikuwa mchoro wa kitabu, wa mistari tu. Akachukua kalamu na bahasha, akachora upya.

"Mlango lazima uwe dhaifu kuliko transista ya chini, ili kusoma kusiiguse seli," alisema. "Lakini uwe na nguvu kuliko ya juu, ili kuandika kuwezekane. Za juu za chipu hizi ni dhaifu tayari."

Andati aliinama juu ya bahasha kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza Mutheu kumwona ametulia.

"Basi chipu ya tatu haitoki," alisema. "Zilizozidi mlangoni tunazipeleka chini. Tatu za kushikilia sifuri, moja ya mlango."

Alilehemu hadi saa kumi. Walipomaliza, Mutheu aliandika sifuri na kuisoma mara ishirini. Sindano moja ilishuka, nyingine ikabaki pale pale, na taa haikubadilika. Akaandika moja, ikageuka mara moja.

Jioni Gichuru alipita, wakamweleza kila kitu. "Sawa. Lakini kesho msitaje kosa lolote. Mzee, ukiulizwa, sema ulifuata mchoro wa mwalimu. Basi." Mutheu alitazama sakafu na kukubali kwa kichwa. Aliona ndiyo njia salama ya kumwokoa.

Mkaguzi, Bi. Khavere, alifika Ijumaa saa tatu, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyefundisha elektroniki miaka mingi kabla ya kwenda wizarani. Alibonyeza vitufe mwenyewe. Aliandika, akasoma, akasoma tena. Alichungulia nyuma ya ubao na kukaa huko kiasi cha Gichuru kuanza kukohoa. Kisha akafungua daftari lake mahali palipokuwa na jina la Andati, na mbele yake nafasi tupu.

"Swali moja tu, na ni la fundi," alisema. "Mchoro uliobandikwa hapa unaonyesha transista sita. Wewe umeweka kumi. Chini umeweka tatu kila upande, mlangoni moja. Kwa nini?"

Gichuru alimkazia Andati macho. Mutheu aliutazama mchoro wake. Andati alikuwa amesimama kando ya meza, kitambaa mkononi. Akakiweka chini.

"Mwanzo nilikosea, madam, hizo tatu nilizifunga mlangoni," alisema. "Ikawa kila tukiisoma tunaifuta, kwa sababu mlango ulikuwa unamshinda anayeshikilia sifuri. Nikazihamisha."

Bi. Khavere aliinamia daftari na, kwenye ile nafasi tupu mbele ya jina lake, akaandika: fundi.