Wasifu Wangu wa Kwanza Ulifaa Matanga

Mwaka wa 1980, nikiwa na miaka kumi na tatu, baba yangu alifukiwa na udongo kazini, na mimi nikaacha darasa la tano nikaanza kuuza ndizi za kukaanga mbele ya nyumba za watu. Shuleni sikurudi tena. Nililea wadogo zangu, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikajenga. Hakuna aliyenisaidia. Anayesema alinisaidia, aje aseme mbele ya macho yangu.

Maneno hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye simu siku nilipoambiwa nijitambulishe. Niliyaona mazuri, na hata leo nayaona mazuri. Ila yalikaribia kuninyima kazi, na wa kulaumiwa ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, aliyewazoesha watu wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, kujitambulisha kwa mistari miwili.

Mimi ninapikia watu. Banda langu liko pembeni ya barabara, si mbali na mtaa wa Kasulo. Zamani walaji wangu walikuwa vijana wachimbaji waliotoka kila pembe ya Kongo. Walikuja na vumbi mpaka kwenye kope, wakala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, wakarudi mashimoni. Kisha wengi wakahama kufuata mashimo mengine. Nikawa ninarudi nyumbani na bukari iliyoganda ndani ya sufuria.

Jirani yangu hakubakiza kitu. Ni mdogo kwangu sana, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka mkoa wa Maniema, na mume wake ni msafirishaji. Anapika wali, maharage na nyama ya mchuzi. Kila siku kabla ya saa sita pikipiki yake ya magurudumu matatu ilijazwa masufuria yenye vifuniko vinavyong'aa, ikaondoka kwenda kwenye viwanja vya ujenzi. Harufu ya vitunguu vyake ilivuka barabara na kukaa bandani kwangu kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa nikimwona anafunga kamba juu ya masufuria, moyo unaniwaka. Nilianza kupika kabla yeye hajazaliwa. Mbona wanamfuata yeye?

Binti yangu, anayefanya kazi ya kuuza vocha za simu, ndiye aliyenionyesha. Kwenye utambulisho wa jirani, ukiufungua kwenye simu, chini ya picha ya sufuria, yaliandikwa maneno haya: "Ninapikia wafanyakazi walio mbali na nyumbani. Chakula kinawafikia kikiwa moto kabla ya mapumziko." Basi. Hakutaja jina la baba yake, wala watoto wake, wala alikoanzia. Nilisema hayo ni maneno ya mtu asiye na historia.

Ndipo ikaja habari ya kampuni. Ilikuwa kampuni ndogo ya kuchimba mitaro na kujenga, iliyopata kazi upande wa barabara ya kwenda Fungurume, na ilitafuta wa kulisha watu wake. Mama anayeshughulikia manunuzi yao alipita kwetu, akala kwa jirani, akala kwangu, akala na kwa mwingine kule sokoni. Alituomba kila mmoja amtumie wasifu mfupi kwenye simu: unapikia nani, na huyo mtu anapata nini kwako. Angeusoma pamoja na mkubwa wake, kisha wangewaita wachache waonjeshe chakula chao. Mimi niliitaka kazi ile kwa sababu bila hiyo banda lilikuwa linafungwa. Na niliitaka ili jirani asiipate. Naandika jinsi ilivyokuwa.

Niliandika mchana kutwa, herufi moja baada ya nyingine. Kwetu mtu akisimama mbele ya watu kujitambulisha, anaanza na shida ilipoanza na anamaliza na alichonacho. Hivyo ndivyo tunavyoshuhudia kwenye chumba cha maombi, na hivyo ndivyo nilivyofanya. Niliweka mwaka, niliweka umri, niliweka kifo cha baba, ndizi, mume, nyumba. Niliongeza kwamba ninapika kila chakula, kwa kila mtu, na mambo mengine mengi.

Binti yangu alisoma, akaweka simu mapajani.

"Mama, iyi njo tutasoma ku matanga yako."

Nikamuuliza kama anataka nife.

"Hapana. Lakini hapa kunabakia tu siku ya kufa na saa ya kuzika. Yule mama anauliza batu bake batapata nini. Wee unamuelezea mambo yako."

Nilimwambia mambo yangu ndiyo yaliyomsomesha yeye. Nikatuma vilevile.

Jibu lilikuja jioni. Mama wa manunuzi alinipa pole kwa yote niliyopitia, kwa adabu kabisa, tena akamwombea marehemu baba yangu. Kisha akauliza: "Lakini mama, watu wangu wakila kwako, ni nini kitabadilika kwao? Nitasubiri mpaka kesho kutwa."

Pole yake iliniuma kuliko tusi. Jirani hakupewa pole. Nilijua bila kuambiwa kwamba yeye alikwisha kuitwa kuonjesha.

Nikajaribu tena. Safari hii nilichukua maneno ya jirani, nikabadilisha mawili matatu: chakula changu nacho kitawafikia moto kabla ya mapumziko. Binti aliniuliza kitafika na nini. Sina pikipiki ya kubeba, sina masufuria ya kutunza joto. "Utabeba ku kichwa mpaka Fungurume?" Nikafuta. Kuahidi nisichoweza, hapana. Watu wangengoja na njaa, na jirani angecheka.

Kesho yake nilivuka barabara. Nilijifanya ninaomba makaa ya kuwashia. Alikuwa anachagua mchele kwenye sinia, akaniita, "Karibu, yaya," jinsi tunavyomwita dada mkubwa, akanisogezea kiti kizuri kuliko chake. Hata kiti chake kilinichoma. Niliangalia ukuta, niliangalia vifuniko vimepangwa, niliangalia mfuko mzima wa mchele ambao kwangu ungekuwa wa mwezi. Mwishowe nilishindwa kuficha. Nikamuuliza nani alimwandikia yale maneno ya kwenye simu. Nilitegemea atasema mume, au mtu wa kulipwa.

"Hakuna mutu, yaya. Niliuliza bale banakulaka kwangu juu ya nini banarudiaka. Bakasema chakula inafikaka moto, hawapoteze saa ya kupumuzika kwa kutafuta. Nikaandika vile bakasema."

"Na wewe mwenyewe? Ukoo wako? Ulivyoteseka?"

Akacheka, mkono mdomoni. "Ile nitamuelezea mutu wakati anakwisha kula."

Alinipa makaa, tena mengi. Nilitembea kurudi nikiwa na wivu mara mbili ya nilivyokuja. Angenificha siri, ningemchukia vizuri. Sasa amenipa bure, kama mtu anayejua kwamba hata nikiipata sitamfikia.

Lakini walaji wangu nami niliwauliza. Sitaki mtu aseme sikuuliza.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yangu. Tangu nikiwa msichana wa ndizi nina desturi ya kuwasha moto kukiwa bado giza. Ni desturi ya umaskini: uliye dhaifu unafungua kabla wenye nguvu hawajaamka. Saa kumi na mbili asubuhi bukari yangu iko tayari, na mboga, na samaki. Wapishi wengine saa hiyo wana chai na mkate tu. Mimi niliona aibu kidogo, kwa sababu kuuza bukari alfajiri watu wanasema huyo mama hajui saa ya chakula. Sikuwahi kuitaja popote.

Asubuhi iliyofuata, siku ya mwisho niliyopewa, walikuwapo wanaume wachache, walinzi na watu wa mashine waliotoka zamu ya usiku, wale waliobaki nilipokimbiwa na wachimbaji. Niliwauliza kwa nini wanarudi kwangu. Nilitaka waseme mkono wangu ni mtamu. Mmoja, mtu mzima, mlinzi wa ghala, aliosha vidole kwanza.

"Mama, tusidanganyane. Sombe ya bibi yangu inapita yako."

Wenzake wakacheka. Nikamwambia basi aende akale kwa huyo mke wake.

"Bibi yangu saa hii analala. Mi natoka kazi, nikikunywa chai na mukate, saa ine njala inaniamusha, halafu silale tena. Usiku nasinzia ku kazi, mukubwa anakasirika. Nikikula bukari yako, nalala mpaka saa nane. Juu ya ile njo nakuyaka hapa."

Mwingine akasema na kwake ni vile, mke wake hata amejua: akipita kwangu, nyumbani hakuna ugomvi.

Nilisimama na mwiko mkononi. Miaka yote nilidhani ninauza sombe. Kumbe wanakuja kununua usingizi.

Niliandika hapohapo, kabla maneno hayajapoa. Binti alirekebisha herufi tu. Hayakuzidi mistari miwili: "Ninapikia watu wa zamu ya usiku. Wakitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi wanakuta bukari moto, wanashiba, na wanalala mpaka mchana bila njaa kuwaamsha." Mkono ulitaka kuongeza mwaka wa 1980. Ulitaka kabisa. Binti akanyakua simu, akatuma.

Mama wa manunuzi alipiga simu yeye mwenyewe. Alisema wengine wote waliandika habari ya chakula cha mchana, na hakuna aliyemkumbusha kwamba ana kikosi cha usiku kinachorudi mjini alfajiri kwa gari la kampuni, kikipita karibu na banda langu. Na watu hao wanasinzia kazini, mkubwa analalamika. Alikuja na mkubwa wake wakaonja saa kumi na mbili. Mkubwa alikula bukari mbili asubuhi hiyo, mtu aliyesema hana desturi ya kula asubuhi.

Nilipewa zamu ya usiku. Zamu ya mchana, yenye watu wengi zaidi, alipewa jirani yangu.

Alivuka barabara kunipongeza, akaniletea mchele uliopikwa na iliki. Nilimshukuru. Nilisubiri aondoke ndipo nikaonja, na ulikuwa mtamu, jambo lililoniharibia siku.

Gari la kikosi linasimama kwangu kila asubuhi. Wanaume wanakula kimya, macho mazito, wanaenda kulala. Ninapoosha sahani ninasikia ng'ambo wanaanza kukaanga vitunguu.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, yenye mabati. Nina banda, limewekwa sakafu ya saruji. Nina masufuria makubwa manne na majiko matatu ya makaa. Nina kiwanja Lubudi ninakolima mahindi. Nina binti mwenye kazi. Nina simu, na mistari miwili ndani yake ambayo ni yangu, sikuichukua kwa mtu. Pikipiki ya magurudumu matatu, bado sina.