Timu ya Kocha Nyuma ya Kufuli

Jirani yangu ana banda la gemu, mimi nina cherehani. Katikati yetu ni ukuta wa mbao, kwa hiyo kila goli linalofungwa kwake nalisikia kwangu. Wateja humwita Dada Pedi, maana pedi ya kuchezea gemu ikikwama huipiga kofi moja ikatii.

Banda lilianzishwa na mdogo wake, tuliyemwita Kocha. Kocha hakupenda diski. Alisema zinakwaruzika, tena zina miguu. Gemu zote alizinunua mtandaoni kwa akaunti yake. Kwenye gemu ya mpira aliunda timu yake mwenyewe, kila mchezaji na sura ya mtu wa mtaani. Mimi nilikuwa beki wa kushoto, mnene kuliko nilivyo, na hilo sikumsamehe mpaka homa ilipomchukua.

Baada ya maziko, dada mtu akawa kila jioni anacheza mechi moja na ile timu. Hakujua kucheza. Alifungwa huku akicheka, kisha kimya, nami nikajua analia.

Kilichomponza ni uaminifu. Alikuwa amerithi viti na mashine, akaona akaunti nayo iandikwe jina lake, mambo yawe halali. Akaiandikia kampuni kwamba mwenyewe amefariki, akaambatanisha cheti cha kifo. Wakampa pole kwa maneno mazuri, wakaifunga akaunti.

Asubuhi kila gemu ilikuwa na alama ya kufuli. Tukamwita fundi simu wa pale kona.

"Dada, marehemu hakununua gemu," alisema. "Alinunua ruhusa ya kucheza. Leseni yenyewe ni yake peke yake, hairithiwi. Akaunti ikifungwa, na ruhusa imekwisha."

"Kwani haimo humu? Si aliipakua?"

"Imo. Ila mashine inaulizia ruhusa kwanza, na haipo."

Hapo nikapandwa na hasira. "Kitufe kiliandikwa 'Nunua'. Mimi nikikuuzia suruali, ukifa nije kuivua?"

"Masharti yalisema, mzee. Akabonyeza 'Nakubali' kama sisi sote."

Dada Pedi hakutusikiliza. "Na timu yake?"

Fundi akafungua hifadhi ya mashine. Faili la timu lilikuwepo, na tarehe ya mechi ya mwisho.

"Nikinunua gemu upya kwa jina langu?"

"Utacheza, lakini utaanza moja. Faili hili linaitambua akaunti ya marehemu tu." Akajikuna shingo. "Ungenyamaza, dada, wao wasingejua."

Fundi alipoondoka, Dada Pedi alibaki ameshika pedi iliyozimwa.

"Kwao alikuwa bado hai," alisema. "Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia amekufa."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Jioni ile ukuta ulikuwa kimya, nikashona mpaka giza likaingia.